Maulizo ya wamama wanaoanza kusoma Kiebrania

Tangu ijulikane hapa Wamaza kwamba baadhi yetu tunakutana siku ya posho mchana kujifunza herufi za Kiebrania, hatupiti sokoni bila kuulizwa. Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa kutaka kuja. Basi tumeona afadhali tuandike mara moja yale tunayoulizwa, pamoja na yale tuliyouliza sisi wenyewe tulipoanza, maana ni maulizo yale yale.

Tuko wamama kumi na mmoja. Wanane ni wa makanisa mbalimbali na watatu ni Waislamu. Anayetufundisha ni kijana wa mtaa wetu aliyesoma theolojia. Tunamwita Mwalimu, ingawa wengine kati yetu tulimbeba mgongoni. Kitabu ni kimoja, kwa hiyo alitutolea fotokopi ya ukurasa wa kwanza wa Mwanzo, karatasi moja kwa wamama wawili. Tumefanya kazi miezi mitatu juu ya kifungu cha kwanza tu. Kina maneno 7 na herufi 28. Anayeona ni kidogo, na aje ajaribu.

Ulizo la kwanza ni hili: mtu anaanzia wapi? Anaanzia mkono wa kuume, kwenda kushoto. Wale wenzetu watatu waliosoma chuo cha Korani walipokuwa wasichana hawakuuliza hata. Waliweka kidole mahali panapofaa, na sisi wengine, tuliomaliza shule ya msingi na hata sekondari, tulikuwa bado tunatafuta mwanzo wa mstari. Huku kwetu, tangu siku za Tippu Tip na Waungwana wa Kasongo katika karne ya 19, kuna nyumba ambamo bibi hajui kusoma barua ya serikali lakini anasoma herufi za Kiarabu bila shida. Herufi za Kiebrania si zile za Kiarabu, ila ni ndugu zake. Tabia zao zinafanana, na anayejua tabia ya mmoja hamshangai mwingine.

Tabia iliyo kubwa kuliko zote ndiyo iliyotupa shida. Kiebrania kina herufi 22, na zote ni konsonanti. A, e, i, o na u hazimo katika safu ile. Mama mmoja aliuliza, «Sasa mwana, mtu atasomaje b-r bila kitu katikati? Huyu ni mtu anayesoma ama anayetetemeka kwa baridi?» Mwalimu alicheka, kisha akatuonyesha nukta na vistari vidogo chini ya herufi. Hizo ndizo irabu. Mwenzetu wa chuo akasema mara moja, «Ni fataha na kasira, basi.» Ndiyo, kazi ni ile ile. Kwa Kiarabu kistari kimoja chini ya herufi kinaleta i, na kwa Kiebrania nukta moja chini ya herufi inaleta i. Kistari cha kulala chenye kijiti kidogo chini yake, mfano wa T ndogo, kinaleta a. Nukta mbili zilizokaa kando kwa kando zinaleta e. Nukta mbili zilizopandana, moja juu ya nyingine, ni jambo jingine, tutalifikia.

Sasa angalieni jinsi nukta hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu kifungu cha kwanza cha Biblia kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ambao mtu angetunga. Neno la kwanza linaanza na herufi tatu: beti, reshi, alefu. Neno la pili lina herufi tatu: beti, reshi, alefu. Ni zile zile, kwa mpango ule ule. Mama aliyekuwa anasoma siku ile alifika kwenye neno la pili, akasimama, akasema mwandishi amerudia. Lakini hakurudia. Katika neno la kwanza, chini ya beti kuna nukta mbili zilizopandana na chini ya reshi nukta mbili za kando kwa kando, hivyo tunasoma «bere», halafu neno linaendelea na «shit»: bereshit, yaani «katika mwanzo». Katika neno la pili, chini ya beti kuna ile T ndogo na chini ya reshi kuna T ndogo tena, hivyo tunasoma «bara», na maana yake ni «aliumba». Herufi ni zile zile, irabu zimebadilika, na neno limekuwa lingine kabisa.

Hapo likatoka ulizo ambalo tulilipenda sana: kama nukta zina nguvu hivi, kabla hazijaandikwa watu walisomaje? Walisoma kwa kukumbuka. Nukta hizi hazikutoka pamoja na herufi. Ziliwekwa na walimu wa Kiyahudi, hasa wale wa mji wa Tiberia kando ya ziwa la Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Yesu. Kabla ya hapo masomo yalitoka kinywani mwa mwalimu na kuingia sikioni mwa mtoto. Magombo yaliyopatikana katika mapango ya Kumrani kuanzia mwaka 1947 hayana nukta hata moja. Biblia nzima ya Kiebrania iliyo ya zamani kuliko zote, yenye nukta zake, ilimalizika kuandikwa Kairo karibu mwaka 1008. Leo iko mji wa Sankt Petersburgi kule Urusi, na fotokopi yetu inatokana na kitabu kilichochapwa kwa kufuata maandiko yale. Hata sasa gombo la Tora linalosomwa katika sinagogi halina nukta. Anayesoma mbele ya watu anajitayarisha nyumbani na kitabu chenye nukta, kisha anasimama mbele ya gombo lisilo nazo.

Tukirudi kwenye neno la kwanza, kuna herufi pale ambayo haisikiki. Ni alefu. Imeandikwa katikati ya bereshit, lakini ukisoma hutaisikia, na mwishoni mwa bara pia hutaisikia. Tuliuliza, sababu gani waandike kitu kisichosomwa? Jibu la Mwalimu lilitufurahisha. Ndani ya bereshit kuna neno la Kiebrania la «kichwa», roshi, lenye herufi reshi, alefu na shini. Mwanzo ni kichwa cha jambo. Alefu imebaki pale kama alama ya ukoo wa neno, ingawa sauti yake imekwisha. Kisha mwenzetu mmoja wa chuo akasema Kiarabu nacho kinaita kichwa «rasi», na sisi Waswahili tunalo ndani ya rasilimali, yaani kichwa cha mali. Tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tena alefu inafanya nini pale.

Nukta mbili zilizopandana zinaitwa sheva, nazo zinawasumbua wanaoanza kupita kiasi. Kanuni ya kuanzia ni hii: zikiwa chini ya herufi ya kwanza ya neno, unatia e fupi sana, kama mtu aliye na haraka, zikiwa mahali silabi inapofungwa, hutii kitu, herufi inasimama peke yake. Waliosoma chuo wanajua sukuni, basi ile ya pili ni kama sukuni. Kwa bereshit msivute mkasema «beeereshit». E ya kwanza inapita mbio, e ya pili ndiyo inayokaa. Sisi Waswahili tuna bahati hapa kwa sababu tunasema mtu na mbali kila siku bila kuweka irabu baada ya m. Ulimi wetu unajua kuanza neno kwa konsonanti mbili zilizoshikana.

Lakini ulimi huo huo unatuponza kwenye mkazo. Kiswahili kinapenda kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiebrania mara nyingi kinakaza ya mwisho kabisa. Tulikuwa tunasoma beRESHit, BAra, eLOhim, na Mwalimu anatikisa kichwa. Ni bereSHIT, baRA, eloHIM. Tukifika kwenye neno la mbingu, hashaMAyim, na neno la nchi, haArets, tunasoma sawa bila kufundishwa, kwa kuwa yale mawili yanakazwa kama yetu. Basi kifungu kile kina maneno matatu ya kujilazimisha na mawili ya kupumzika.

Mama mmoja alisema hayo ni mapambo tu, maana ni ile ile. Mwalimu akamwuliza, «Mama, barabara ni nini?» Akajibu ni njia. «Na mtu akisema amefanya kazi barabara, akikaza silabi ya pili kutoka mwanzo?» Akajibu kwamba ni vizuri, sawasawa. Akaelewa. Kiebrania nacho kina mambo kama hayo, na mfano mzuri ni wa Raheli, katika Mwanzo sura ya 29. Katika mstari wa 6 wachungaji wanamwambia Yakobo kwamba Raheli anakuja na kondoo, na neno ni ba-A, mkazo mwishoni: yuko njiani. Katika mstari wa 9 neno lina herufi zile zile na irabu zile zile, lakini mkazo uko mwanzoni, BA-a: amekwisha kufika. Msomaji asiyejali mkazo anamfikisha Raheli kisimani kabla ya wakati.

Mtajuaje mkazo uko wapi? Katika kitabu kilichochapwa, mbali na irabu, kuna vialama vingine kama ndoana na vijiti, juu na chini ya maneno. Wengi wetu tulidhani ni uchafu wa mashine ya fotokopi. Ni alama za kuimba, maana kifungu husomwa kwa sauti ya wimbo katika sinagogi, na sehemu kubwa ya alama hizo zimewekwa kwenye silabi yenye mkazo. Anayeanza asijaribu kuimba. Atazame tu ziko juu au chini ya silabi gani.

Watu wanatuuliza pia kama kuna hata Mwafrika mmoja wa karibu anayesoma lugha hii kwa kinywa chake, au ni ya wazungu na mapadri. Wako, na si mbali sana. Karibu na mji wa Mbale, Uganda, kuna Wayahudi wanaoitwa Abayudaya. Walianza mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu, mkuu wa vita na mtawala wa Kiganda, aliposoma Agano la Kale na kuamua kulifuata lilivyo pamoja na watu wake. Leo kila Sabato wanasoma Tora kwa Kiebrania, na sala nyingine wanaziimba kwa Kiluganda. Mmoja wao, Gershomu Sizomu, alitawazwa kuwa rabi mwaka 2008 baada ya kusoma Marekani. Ndimi zao ni za Kibantu kama zetu. Kama wao wanaweza kumaliza neno kwa mkazo, nasi tunaweza.

Sasa tufike kwenye herufi zinazodanganya macho. Kuna mbili tunazoziita mapacha: reshi na daleti. Zote mbili ni kama paa lenye mguu mmoja upande wa kuume. Tofauti iko kwenye pembe ya juu. Reshi imepinda polepole kama mgongo wa mtu mzee. Daleti ina pembe kali, na kipande kidogo cha paa kinatokeza nyuma. Katika fotokopi mbaya pembe hiyo inapotea. Na ukikosea, neno bara linakuwa bada. Neno bada liko pia katika Biblia, katika 1 Wafalme sura ya 12, pale Yeroboamu alipotunga sikukuu kwa moyo wake mwenyewe. Maana yake ni kuzusha jambo kutoka kichwani. Basi kwa pembe moja ya herufi, «aliumba» imegeuka «alizusha». Mwalimu anatuambia tuweke kidole kwenye pembe kabla ya kufungua kinywa, na ni shauri jema.

Herufi nyingine 5 zinabadili sura zikifika mwisho wa neno: kafu, memu, nuni, pe na tsadi. Hili nalo lilituchanganya. Neno la tatu la kifungu ni Elohim, Mungu. Lina alefu, lamedi, he, yodi, na mwisho memu. Memu ya kawaida ina mlango mdogo uliofunguka chini kushoto, lakini memu ya mwisho imefungwa pande zote, kama kiwanja chenye ukuta. Tuliitafuta katika orodha ya herufi 22 na hatukuiona, kwa sababu orodha yetu ilikuwa na sura za kawaida tu. Wenzetu wa chuo hawakushangaa, maana herufi za Kiarabu zinabadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Kwa sisi wengine njia rahisi ilikuwa kukumbuka kwamba memu iliyofungwa inafunga neno. Ukiiona, neno limekwisha. Kuna mahali pamoja panapojulikana, katika kitabu cha Isaya sura ya 9, ambapo memu iliyofungwa imekaa katikati ya neno, na wenye elimu wamejadili sababu yake muda mrefu. Mahali pengine kanuni inashika.

Na kanuni hiyo ndogo ilitusaidia kwa jambo ambalo halikuwa la masomo. Katikati ya msimu wa mvua alipita hapa mtu mmoja akiuza vikaratasi vilivyofunikwa kwa plastiki, franka 5.000 kimoja. Alisema ni jina la siri la Mungu kwa Kiebrania, na kwamba mtoto akivaa shingoni homa haimgusi. Dada mmoja, jirani yetu, alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa anachemka usiku kucha. Pesa alizoweka kwa ajili ya kituo cha afya alizitoa kwa kikaratasi. Aliona ni dawa yenye nguvu zaidi, na hatukumlaumu. Mama mwenye mtoto wa moto mikononi haangalii bei wala hoja.

Alikuja nacho siku ya posho, tumsomee. Tukakizunguka. Tulianza kuume kama tulivyofundishwa, na herufi ya kwanza tuliyokutana nayo ilikuwa memu iliyofungwa. Mama mzee wa kundi akasema, «Hii haiwezi kuanza neno.» Tukaendelea: yodi, he, lamedi, alefu. Tukanyamaza kidogo. Kisha mmoja akaweka kidole upande wa kushoto akasoma kinyumenyume: alefu, lamedi, he, yodi, memu. Elohim. Lilikuwa neno la tatu la fotokopi yetu, lile tulilolisoma mara mia, limepangwa nyuma mbele. Halikuwa jina la siri. Ni neno ambalo mtoto wa Kiyahudi hukutana nalo kwenye mstari wa kwanza wa kitabu, na aliyelichapa hakujua hata upande wa kuanzia.

Mwalimu alitueleza jinsi kosa hilo linavyotokea. Programu nyingine za kompyuta zinapanga kila kitu kutoka kushoto, na mtu akiweka Kiebrania ndani, herufi zinageuka nyuma mbele. Asiyejua kusoma hawezi kuona. Kiarabu nacho kinapata ajali hiyo, na kinaonekana haraka zaidi kwa sababu herufi zake zinaachana badala ya kushikana. Kwa Kiebrania, ambacho herufi zake husimama mbalimbali, alama ya kutazama ni zile herufi 5 za mwisho. Mkiona memu iliyofungwa, au tsadi yenye mkia unaoshuka chini ya mstari, imekaa mwanzoni mwa neno upande wa kuume, jueni maandishi yamegeuzwa.

Dada yule hakusema neno. Alimvua mtoto kikaratasi akakifunga katika kitenge. Wawili kati yetu walimsindikiza kituoni jioni ile ile, na kundi likaongeza pesa iliyopungua. Walimchoma kidole, wakakuta ni malaria, wakaanza dawa. Baada ya siku nne mtoto alikuwa anapiga kelele za njaa, kelele ambazo mama yeyote anazipenda. Muuzaji alikuwa amekwisha kuondoka kuelekea upande wa Kabambare. Tunaandika hili ili wamama wa kule wajue mahali pa kuweka kidole.

Kuhusu jina lenyewe la Mungu, ulizo hili liko kwenye kila mdomo. Liko jina la herufi nne: yodi, he, vavu, he. Halimo katika kifungu chetu cha kwanza. Linaonekana mara ya kwanza katika sura ya 2. Wayahudi wanapolifikia wakisoma kwa sauti hawalitamki. Wanasema Adonai, yaani Bwana. Wale walimu wa nukta waliweka kwenye herufi nne irabu za neno Adonai, ili kumkumbusha msomaji aseme nini. Baadaye wasomaji wa Ulaya wakachanganya herufi za jina moja na irabu za lingine, ikatoka Yehova. Kwa hiyo mahali hapa, peke yake, anayeanza hasomi nukta anazoziona. Hakuna siri ya kununua hapo. Ni heshima, kama vile sisi tusivyomwita mkwe kwa jina lake.

Kuna neno moja dogo katika kifungu cha kwanza linalotokea mara mbili, na kila mama anayekuja mpya anauliza maana yake: «et», alefu na tavu. Biblia zetu za Kiswahili hazina neno la kulitafsiri, na wengine wamejenga hadithi kubwa juu ya hilo. Kazi yake ni ndogo. Linamwambia msikilizaji kwamba kinachofuata ndicho kilichotendewa, na ni kitu kinachojulikana. Kiswahili kinafanya kazi kama hiyo ndani ya kitendo. Tukisema «aliziona», ile zi inaonyesha kuna vitu fulani vinavyojulikana vilivyoonwa. Basi msomapo et, msiikazie wala msiivute. Isogezeni karibu na neno linalofuata, mpite.

Neno linalofuata ni mbingu, shamayim, na wenzetu wa chuo walisikia ndani yake samawati. La mwisho ni nchi, arets, na hilo sote tulilisikia: ardhi. Mwalimu anasema ni ukoo mmoja kweli, Kiebrania na Kiarabu, na Kiswahili kimeazima kwa Kiarabu.

Juma lijalo tunaanza kifungu cha pili, na tumekwisha kuonywa juu ya neno moja humo. Linaandikwa reshi, vavu, heti, na chini ya heti, herufi ya kooni iliyo ya mwisho, kuna kistari cha a. Kwa kanuni yote tuliyojifunza mtu angesoma «ruha», konsonanti kwanza, irabu baadaye. Lakini heti ikiwa mwisho wa neno na kile kistari chini yake, mambo yanageuka: a inatangulia, heti inafuata, na tunasoma «ruah», pumzi ikitoka kooni mwishoni. Mama mzee alijaribu mara tatu, ya tatu ikatoka safi. Kisha akamtazama jirani yake wa chuo, wakasema pamoja: roho.

Fotokopi zimebaki mbili. Anayetaka kuja alete daftari na biki, mahali ni pale pale chini ya mwembe, baada ya soko.